Nimetoa dola 30 na zimefika: je, jukwaa hili la kutredi ni halali?

*“Mdogo wangu ameniingiza kwenye jukwaa la kutredi sarafu za kidijitali. Mara mbili kwa siku mwalimu wa grupu anatoa msimbo, unaubandika kwenye programu, na baada ya dakika moja faida imeingia. Niliweka USDT 200, nikajaribu kutoa 30, zikafika siku hiyohiyo. Wana cheti cha usajili cha Marekani, na wanasema ukifikisha 1,000 unapanda daraja. Nataka kuongeza lakini moyo unasita. Nitajuaje kama ni halali?”*

Usiongeze hata senti moja, na leo hii omba kutoa zote zilizobaki. Nakuambia hivyo kabla hata sijalijua jina la jukwaa lenyewe, kwa sababu ulichoeleza kina alama ambazo biashara halisi ya sokoni haiwezi kuwa nazo kwa pamoja: faida inayokuja kwa ratiba, msimbo mmoja unaowafaidisha wote sawasawa, na daraja linalopandishwa kwa kuweka pesa zaidi. Lakini hujaniomba amri, umeniomba njia ya kujua. Kwa hiyo nitakueleza kwanza zile 30 zilitoka wapi, kisha namna ya kukagua jukwaa lolote, hili na lile litakaloletwa baada yake.

Hizo USDT 30, sarafu ya kidijitali ambayo kila moja hukusudiwa kuwa sawa na dola moja, ndizo zinazowaponza watu wengi wenye akili timamu. Mtu anajiambia, wangekuwa matapeli wasingenilipa. Ukweli ni kwamba katika mchezo wa aina hii kulipa mwanzoni ndiyo kazi yenyewe. Anayelipwa huondoa shaka, huongeza mtaji, halafu huleta ndugu zake. Gharama ya kukulipa 30 ni ndogo mno kwao, maana pesa hizo hazitoki kwenye faida yoyote. Zinatoka kwenye chungu walichochangia wanachama, na huenda sehemu ya ulichopokea ni pesa yako mwenyewe.

Tufanye hesabu taratibu, maana hesabu hii ndiyo kiini cha jambo zima. Chukua jukwaa lenye wanachama 1,000, kila mmoja kaweka dola 100. Chungu kina dola 100,000. Asilimia 10 inakwenda kwa waliowaleta wenzao, zinabaki 90,000. Hakuna biashara yoyote inayofanyika, ila kwenye programu kila mtu anaongezewa asilimia 1.5 kwa siku. Kwa kiwango hicho salio hujirudia maradufu kwa siku 47 hivi. Basi ikifika siku ya 47, skrini za wanachama zote kwa jumla zinasema dola 200,000, na chungu bado kina 90,000, hapo tukichukulia kwamba mwenye jukwaa hajagusa chochote.

Sasa robo ya wanachama wakitoa zote siku hiyo, watu 250 kila mmoja na 200 zake, zinaondoka dola 50,000. Chungu kimebaki na 40,000 na waliobaki 750 wanadai 150,000. Pengo ni dola 110,000. Kuliziba kunahitaji wapya zaidi ya 1,200, kwa sababu kila mpya akileta 100 zinaingia 90 tu. Na wapya hao tayari wameandikiwa salio la zaidi ya 120,000 kwenye skrini zao, na salio hilo linakua kila siku. Ndiyo maana michezo hii haitulii mahali. Deni hukua lenyewe hata usiku watu wamelala, ilhali pesa halisi haiongezeki mpaka aletwe mtu mwingine.

Hesabu hiyohiyo inaeleza tabia utakazoziona kadiri mwisho unavyokaribia. Kwanza zinatangazwa zawadi kubwa kwa anayeweka kiasi kikubwa ndani ya muda mfupi. Kisha kutoa kunawekewa masharti: mpaka upande daraja, mpaka salio lako lizunguke mara kadhaa, mpaka ipite siku fulani. Baadaye linakuja tangazo la ukarabati wa mfumo, au ukaguzi, au kuhamia toleo jipya. Mwisho kabisa unaambiwa ulipe kodi au dhamana ya asilimia fulani ya salio lako ndipo akaunti ifunguliwe. Hiyo ya mwisho ni wizi juu ya wizi. Soko halali likikudai ada ya kutoa, huikata kwenye salio lako, halikutaki ulete pesa mpya kutoka nje. Kwa kiwango nilichotumia hapo juu, USDT 200 zako zingekuwa zaidi ya 45,000 kwa mwaka mmoja bila kutoa. Kama kungekuwa na mtu anayejua kufanya hivyo kila siku bila kukosea, asingehitaji 200 zako wala za mdogo wako.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Kanuni ninayoifuata ni moja, na yote nitakayokueleza yanatokana nayo: jukwaa haliwezi kujithibitisha lenyewe. Salio kwenye programu, picha ya cheti, video ya ofisi, ushuhuda wa mwanachama aliyenunua gari, vyote vimetoka kwa mtu yuleyule anayetaka pesa yako. Ukaguzi unaanza pale unapomuuliza mtu wa nje ambaye halipwi na jukwaa, naye ana kumbukumbu zake mwenyewe.

Kisa cha Mirror Trading International, kampuni ya Afrika Kusini iliyojulikana kwa kifupi MTI, kinaonyesha hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Iliwaambia wanachama waweke bitcoin, na kwamba roboti yake ya kompyuta ingefanya biashara ya fedha za kigeni kwa niaba yao na kuwaletea takribani asilimia 10 kwa mwezi. Juu ya hapo kulikuwa na kamisheni kwa anayeleta wengine. Watu walikuwa wakitoa na kulipwa, kwa hiyo grupu zilijaa ushuhuda. MTI ilisema biashara inafanyika kupitia dalali aitwaye FX Choice. Sasa hapo palikuwa na kitu cha kukagua, kwa sababu FX Choice ni kampuni nyingine yenye vitabu vyake.

Mwaka 2020 mamlaka ya usimamizi wa sekta ya fedha ya Afrika Kusini, FSCA, ilianza kuchunguza, na mwezi Agosti ikatoa tahadhari kwa umma. MTI ikadai imeshahamia kwa dalali mwingine, Trade 300, pamoja na bitcoin zaidi ya 16,000. FSCA ilipofuatilia, rekodi za dalali wa kwanza zilionyesha kwamba biashara iliyofanyika kule ilileta hasara, na ushahidi wa hizo bitcoin kuhamia kwa dalali wa pili haukupatikana. Desemba 2020 kutoa kukakwama, mkuu wa kampuni Johann Steynberg akawa ameshaondoka nchini, na kampuni ikawekwa chini ya ufilisi. Juni 2022 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa na mikataba ya baadaye, CFTC, ilimfungulia mashtaka ikisema walikusanya bitcoin zisizopungua 29,421, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7, na kwamba Wamarekani peke yao walioingia hawakupungua 23,000. Aprili 2023 mahakama ya Afrika Kusini ilitamka kwamba biashara nzima ilikuwa haramu.

Zingatia kilichoiangusha hadithi yao. Kila mwanachama alikuwa anaona salio likipanda, na wengi walikuwa wanalipwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeweza kugundua chochote kwa kuangalia programu. Kilichotoboa ni swali moja kwa dalali: je, pesa hizi ziko kwenu, na biashara hii mliifanya? Bernard Madoff wa New York aliendesha udanganyifu wake kwa miongo kwa sababu swali hilohilo halikuulizwa. Mwaka 2006 wakaguzi wa Marekani walimwomba namba ya akaunti yake kwenye DTC, taasisi inayotunza rekodi za umiliki wa hisa zinazouzwa na kununuliwa kule. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alidhani siku zake zimekwisha, maana kuuliza DTC mara moja tu kungeonyesha hisa hazipo. Hawakuuliza. Alikamatwa Desemba 2008, taarifa za wateja wake zikisoma kama dola bilioni 65 ambazo hazikuwapo.

Wewe si mamlaka wala huna nguvu ya kumlazimisha dalali akujibu. Lakini unaweza kuuliza watu wa nje watatu: daftari la msimamizi, bei ya soko, na kumbukumbu ya muamala wako.

Tuanze na hicho cheti cha Marekani, kwa sababu kinawapumbaza wengi. Mara nyingi kinachoonyeshwa ni usajili wa MSB, yaani biashara ya huduma za fedha, kwa taasisi ya Marekani inayopambana na uhalifu wa kifedha, iitwayo FinCEN. Huo ni usajili ambao mtoa huduma za fedha anajaza fomu na kujiandikisha mwenyewe. FinCEN imeandika wazi kwenye ukurasa wake wa kutafutia majina kwamba haihakiki taarifa zilizojazwa, na kwamba jina kuwapo pale si pendekezo wala uthibitisho wa uhalali. Kingine kinachoonyeshwa ni cheti cha kusajili kampuni, ambacho kinathibitisha tu kwamba kampuni ya jina hilo imeandikishwa. Kampuni ya kushona nguo inacho, ya kuuza matofali inacho. Kupokea pesa za watu na kuwafanyia biashara ya sokoni ni jambo jingine, na linahitaji leseni mahsusi kutoka kwa msimamizi wa masoko.

Kwa hiyo uliza: leseni ipi, imetolewa na nani, namba ngapi, kwa shughuli gani? Ukipata majibu, usibofye kiungo walichokupa. Nimeona kurasa za bandia zinazofanana na daftari la msimamizi mpaka rangi na nembo, ila anwani ya juu ina herufi moja imezidi. Andika mwenyewe anwani ya msimamizi kwenye kivinjari. Wakisema wanasimamiwa Uingereza, daftari la msimamizi wa kule, FCA, liko register.fca.org.uk. Wakisema wanafanya fedha za kigeni au mikataba ya baadaye Marekani, tafuta kwenye BASIC, daftari la mtandaoni la NFA, chombo kinachowasimamia madalali wa masoko hayo. Na haijalishi wana leseni ngapi za mbali, angalia pia daftari la msimamizi wa nchi unayoishi wewe, maana leseni ya nchi moja kwa kawaida haimpi mtu ruhusa ya kukusanya pesa za wakazi wa nchi nyingine.

Ukilipata jina kwenye daftari, bado hujamaliza, na hapa ndipo wengi huishia. Matapeli hupenda kuazima jina na namba ya leseni ya kampuni halali isiyowajua kabisa. Kwa hiyo linganisha anwani ya tovuti iliyoandikwa kwenye daftari na ile unayoitumia wewe, herufi kwa herufi. Kisha chukua namba ya simu au barua pepe iliyo kwenye daftari, si ile iliyo kwenye grupu, uiulize kampuni hiyo: programu hii ni yenu? Kampuni zilizoibiwa jina hujibu haraka, kwa sababu zimeshachoka kuulizwa. Angalia pia leseni inaruhusu nini. Kampuni inaweza kuwa na leseni ya kutoa ushauri tu, ikawa hairuhusiwi kushika pesa ya mteja hata kidogo.

Wakati uko hapo, pitia orodha za tahadhari. Jumuiya ya kimataifa ya wasimamizi wa masoko, IOSCO, hukusanya tahadhari za nchi nyingi mahali pamoja kwenye tovuti yake iosco.org, kwa jina la I-SCAN. Ukilikuta jukwaa lako, umepata jibu. Usipolikuta, hujapata jibu lolote, kwa kuwa majukwaa haya hubadili jina upesi kuliko tahadhari zinavyoandikwa. Ndiyo sababu napenda kuangalia umri wa tovuti. Ingia lookup.icann.org, andika anwani ya jukwaa, usome tarehe iliyo mbele ya neno Created. Kampuni inayojisifu kwamba ipo tangu 2015 lakini anwani yake ilisajiliwa miezi minne iliyopita, imekudanganya katika jambo dogo lisilo na ugumu. Lakini kumbuka anwani kongwe inaweza kununuliwa, kwa hiyo umri mkubwa hausafishi mtu.

Mtu wa nje wa pili ni bei. Hili jaribio unaweza kulifanya kesho bila kuweka senti. Msimbo ukitolewa, piga picha ya skrini inayoonyesha biashara iliyofunguka: sarafu gani, imenunuliwa kwa bei gani, imeuzwa kwa bei gani, saa na dakika. Halafu fungua chati ya dakika moja ya sarafu hiyohiyo kwenye masoko mawili makubwa yanayojulikana. Kila mshumaa wa chati hiyo una bei ya juu kabisa na ya chini kabisa iliyofikiwa ndani ya dakika ile. Hakikisha majira yanalingana, kwa kuwa baadhi ya chati huonyesha saa za UTC, majira ya kimataifa, na programu yako huenda inaonyesha saa za hapo ulipo.

Tuseme programu inasema bitcoin ilinunuliwa kwa 64,310 ikauzwa kwa 64,950 ndani ya dakika hiyo, yaani faida ya karibu asilimia moja. Ukienda kwenye chati unakuta dakika ile bei ilicheza kati ya 64,290 na 64,335 tu. Bei ya 64,950 haikuwapo duniani dakika ile. Masoko hutofautiana kidogo, lakini si kwa dola mia sita kwenye sarafu inayouzwa kwa wingi kiasi hicho, kwa sababu wafanyabiashara wangenunua upande mmoja na kuuza upande wa pili mpaka pengo lifungike. Rudia mara tatu au nne. Bei ikitoka nje ya mshumaa, biashara hiyo imechorwa. Ikiwa ndani, bado haijathibitika kwamba ilifanyika, kwani mwenye programu anaweza kunakili bei halisi na kuandika ushindi wa uongo juu yake. Jaribio hili linaweza kuhukumu, haliwezi kusafisha.

Kuna uchunguzi mwingine mwepesi unaoendana na huo. Waulize wenzako wawili kwenye grupu walipata asilimia ngapi kwa msimbo uleule. Mwenye 50 na mwenye 5,000, aliyebandika mapema na aliyechelewa nusu dakika, wakipata asilimia ileile hadi nukta, hapo hakuna soko. Sokoni anayechelewa anapata bei nyingine, na anayenunua kwa wingi anaisukuma bei dhidi yake mwenyewe. Na jiulize lini mara ya mwisho msimbo ulileta hasara. Mwaka 2018 msimamizi wa masoko ya Ulaya, ESMA, alieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida wanaofanya biashara ya mikataba ya tofauti ya bei, yaani kubashiri bei itapanda au itashuka bila kumiliki bidhaa yenyewe, hupoteza pesa, na tangu hapo madalali wa Ulaya wanalazimika kuandika asilimia ya wateja wao wanaopoteza mahali panapoonekana. Dalali mwenye leseni anakuonya kwanza, halafu ndipo anakupokea. Jukwaa lako linakupa msimbo wa kushinda.

Mtu wa nje wa tatu ni kumbukumbu ya muamala. USDT yako ilipotumwa iliacha alama ambayo mwenye jukwaa hawezi kuifuta. Kama uliituma kwa mtandao wa TRON, ambao anwani zake huanza na herufi T, fungua tronscan.org ubandike namba ya muamala, ile inayoitwa TXID, kutoka kwenye pochi uliyotumia kutuma. Utaiona anwani uliyoitumia, na mara nyingi utaona pesa hiyo ikiondoka muda mfupi baadaye kwenda kwenye anwani nyingine kubwa ya kukusanyia. Fuata pia zile 30 ulizopokea, uone zilitumwa na anwani ipi, na anwani hiyo yenyewe inalishwa na nani. Ukikuta inalishwa na mamia ya viasi vidogovidogo, 50, 100, 200, vinavyoingia kutoka huku na huku na kutoka tena kama malipo kwa watu wengine, umeuona mzunguko niliouhesabu pale juu kwa macho yako.

Hapa nikutahadharishe usivuke mpaka wa ushahidi. Masoko halali nayo hukusanya pesa za wateja kwenye anwani moja kubwa na kulipia humohumo. Kwa hiyo mkusanyiko peke yake si hatia. Tofauti ni kwamba anwani za masoko makubwa kwa kawaida zina lebo ya jina kwenye kurasa kama hiyo, na soko lenye leseni lina ukaguzi wa vitabu unaofanywa na mtu mwingine. Jukwaa lako likiwa na anwani isiyo na jina, halina leseni, na bei zake zimetoka nje ya mishumaa, hapo mambo matatu ya nje yameshuhudia jambo moja, na usisubiri la nne.

Sasa la kufanya leo. Omba kutoa salio lote, si kipande. Kipande ndicho wanachopenda kulipa. Wakilipa lote, umepona, nami nitafurahi nawe. Wakianza kudai kodi, dhamana, uhakiki wa akaunti au kupanda daraja kwanza, usilipe, hata wakikuonyesha salio kubwa namna gani. Yaliyokwama humo yamekwama, na kila utakachoongeza kitayafuata. Katika kuomba, usianze kugombana na mwalimu kwenye grupu wala kutangaza unachokijua, kwa sababu watakutoa na kuifunga akaunti kabla ombi halijapita. Ukishatoa au ukishakataliwa, ndipo uwaambie wenzako, na hapo usinyamaze.

Kabla hawajakutoa, hifadhi kila kitu: picha za skrini za salio na za ombi la kutoa, TXID za ulichotuma na ulichopokea, anwani za pochi, majina na namba za simu za viongozi wa grupu, anwani ya tovuti, na sauti walizotuma. Peleka nakala kwa msimamizi wa masoko ya fedha na kwa polisi wa makosa ya mtandao. Ripoti ya mapema, kabla jukwaa halijafungwa, ina nafasi kubwa zaidi ya kusaidia, kwa sababu pesa ikishafika kwenye soko kubwa ili ibadilishwe, soko hilo linaweza kuombwa na mamlaka kuizuia. Ikishapita hapo, nafasi hupungua mno. Kama programu ulipakua nje ya duka rasmi la simu, kwa kiungo cha grupu, iondoe ukishapiga picha, na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine.

Kuna jambo la mdogo wako ambalo hukuuliza. Uwezekano mkubwa yeye ni mwathirika kama wewe, na anaamini kweli, kwa sababu ameshalipwa. Usimwite tapeli. Kaa naye mfanye jaribio la bei pamoja, aone mshumaa mwenyewe, kwani maneno ya kaka au dada hushindwa na salio linalopanda, lakini bei isiyokuwapo haina mtetezi. Mwambie pia kwamba kamisheni anayopata kwa kuleta watu inamweka pabaya. Jukwaa likianguka, waliomfuata watamtafuta yeye, kwa vile ndiye wanayemjua kwa sura. Na kisheria, mfilisi anaweza kudai warudishe waliopokea zaidi ya walichoweka, kama wafilisi wa MTI walivyowaandama wanachama waliotoka na faida. Hilo linakuhusu nawe: ukirudishiwa 200 zako, ni zako. Ukipata zaidi ya hapo, usizitumie haraka.

Na baada ya haya yote, tarajia ujumbe mwingine. Utatoka kwa mtu anayejiita wakili, mpelelezi, au mtaalamu wa kurejesha sarafu zilizoibwa, naye atajua jina la jukwaa na pengine hata kiasi ulichopoteza. Atasema pesa zako zimepatikana na kinachotakiwa ni ada ndogo ya kuzifungua. Orodha za walioibiwa huuzwa, na mara nyingine ni watu walewale waliorudi kwa jina jipya. Mfilisi aliyeteuliwa na mahakama hakuanzi kwa ujumbe wa Telegram. Jina lake na namba ya shauri viko kwenye kumbukumbu za mahakama, na unaweza kwenda kuviuliza huko mwenyewe kabla hujamjibu.